Nguzo Moja, Boriti Moja: Kuunganisha Matriksi ya Fremu kwa Mkono

Tafuta karatasi ya miraba, penseli, kifutio na kikokotoo cha kawaida. Fremu tutakayoifanyia kazi ina vipande viwili tu. Cha kwanza ni nguzo ya chuma yenye urefu wa mita 4, iliyokazwa chini kwenye msingi wa zege. Cha pili ni boriti ya mita 5 iliyochomelewa juu ya nguzo hiyo, ikalala kwenda kulia hadi kwenye ukuta mnene wa zege, ambako nayo imekazwa isizunguke wala kusogea. Juu ya boriti kuna sakafu ya stoo inayoilemea kwa 24 kN kwa kila mita.

Chuma ni kilekile kwa vipande vyote viwili. Unyumbufu wake E ni 200 GPa, eneo la mkato A ni 6,000 mm², na momenti ya pili ya eneo I ni 80,000,000 mm⁴. Kabla hujaandika kitu kingine, geuza vyote viwe kN na mita, usiviguse tena: EA inakuwa 1,200,000 kN na EI inakuwa 16,000 kN·m². Ukianza kwa milimita ukamalizia kwa mita, namba moja ndani ya matriksi itakuwa imepotoka mara elfu, na hutaiona kwa macho kwa sababu matriksi yenyewe ina namba za maelfu na za malaki zikiwa jirani.

Sasa patia nodi majina. Chini ya nguzo ni nodi 1, pale nguzo inapokutana na boriti ni nodi 2, na ukutani ni nodi 3. Kila nodi inaweza kufanya mambo matatu: kusogea mlalo, kusogea wima, na kuzunguka. Kulia ni chanya, juu ni chanya, na kuzunguka kinyume cha mshale wa saa ni chanya. Andika kanuni hiyo juu kabisa ya karatasi na uizungushie duara, maana saa moja baadaye utataka kujua ulikubaliana nini na nafsi yako.

Nodi tatu, misogeo mitatu kila moja, jumla tisa. Ipe namba kwa mfuatano: 1, 2, 3 ni za nodi ya kwanza; 4, 5, 6 za nodi ya pili; 7, 8, 9 za nodi ya tatu. Matriksi kubwa itakuwa na mistari tisa na safu tisa. Usiogope ukubwa wake, kwa kuwa sehemu kubwa ni sifuri, na sehemu tutakayoitatua ina mistari mitatu tu.

Namba tano za kila kipande

Ukakamavu, kwa lugha ya karatasi hii, ni nguvu inayotakiwa ili kusogeza ncha ya kipande kwa kipimo kimoja wakati kila kitu kingine kimeshikiliwa. Kipande kinachoweza kuvutwa na kupindwa kina namba tano za namna hiyo, nami nitaziita a, b, d, e na f ili tusirudie maandishi marefu:

```
a = EA/L    b = 12EI/L³    d = 6EI/L²    e = 4EI/L    f = 2EI/L
```

Namba a ni ugumu wa kukivuta au kukikandamiza kipande kwa urefu wake. Namba b ni nguvu ya kuisogeza ncha kukata urefu wa kipande, ncha zote zikiwa zimezuiwa kuzunguka. Kuisogeza ncha hivyo kunaamsha momenti kwenye ncha zote mbili, na ukubwa wa momenti hiyo ni d. Namba e ni momenti ya kuizungusha ncha moja kwa radiani moja, na f ni ile inayofika kwenye ncha ya pili, nusu ya e.

Kwa nguzo ya mita 4 utapata a = 300,000, b = 3,000, d = 6,000, e = 16,000 na f = 8,000. Kwa boriti ya mita 5, a = 240,000, b = 1,536, d = 3,840, e = 12,800 na f = 6,400. Tazama pengo lililopo kati ya a na b. Kuikandamiza nguzo hii kwa urefu wake ni kazi ngumu mara mia kuliko kuisukuma ubavuni. Kumbuka uwiano huo, tutauhitaji kumkamata mwizi.

Kugeuza kipande kisimame kilivyo

Boriti imelala, kwa hiyo urefu wake unaelekea kulekule ambako fremu nzima inaita mlalo. Nguzo imesimama. Kile ambacho nguzo inakiona kuwa ni kusogea kwa urefu wake, fremu inakiona kuwa ni kusogea wima. Namba zile tano hazibadiliki, ila mahali pa kuziandika ndani ya matriksi hubadilika, na alama za jumlisha na toa nazo hubadilika. Hapa ndipo wengi huumbuka.

Vitabu vitakuambia uandike matriksi ya mgeuzo yenye mistari sita, uipindue, kisha uzidishe mara mbili. Kwa mkono hiyo ni njia ya kujitafutia makosa. Zidisha mara moja kwa herufi, hifadhi matokeo, na baada ya hapo weka namba tu. Kipande kinatoka nodi i kwenda nodi j. C ni kosaini na s ni saini ya pembe kinayofanya na mlalo. Matriksi yake ina vitalu vinne vya tatu kwa tatu, na viwili vya kukumbuka ni hivi:

```
kitalu ii:   ac²+bs²     (a−b)cs     −ds
             (a−b)cs     as²+bc²      dc
             −ds          dc          e

kitalu ij:  −(ac²+bs²)  −(a−b)cs     −ds
            −(a−b)cs    −(as²+bc²)    dc
             ds          −dc          f
```

Kitalu jj ni sawa na ii, ila kila penye d unageuza alama. Kitalu ji ni ij kilichopinduliwa, yaani mistari ikawa safu.

Nguzo inapanda kutoka nodi 1 kwenda nodi 2, kwa hiyo c ni 0 na s ni 1. Kitalu chake cha juu, pale nodi 2, kinatoka hivi: mlalo kwa mlalo ni 3,000, wima kwa wima ni 300,000, mzunguko kwa mzunguko ni 16,000, na kati ya mlalo na mzunguko kuna +6,000. Kwingine ni sifuri.

Usiipokee hiyo alama ya jumlisha kwa imani. Chukua rula ya plastiki, isimamishe mezani, shika ncha ya chini kwa mkono wa kushoto na ya juu kwa mkono wa kulia. Isogeze ncha ya juu kuelekea kulia bila kuiruhusu izunguke. Rula inajikunja umbo la S, na utahisi kidole chako cha juu kinavyolazimika kuisokota kinyume cha saa ili ibaki wima, maana ikiachwa ingefuata mlalio wa rula na kuinama kwa mwelekeo wa saa. Kinyume cha saa tulikubaliana kuwa ni chanya. Basi ni +6,000.

Kuna anayeuliza: ningeianza nguzo juu nikashuka, je? Jaribu. Nodi 2 inakuwa i, s inakuwa −1, na kitalu ii kinasema −ds, yaani −6,000 mara −1, ambayo ni +6,000 ileile. Mwelekeo wa kuchora kipande ni hiari yako, mradi ukishauchagua usiubadilishe katikati.

Boriti inatoka nodi 2 kwenda 3, c ni 1 na s ni 0. Kitalu chake pale nodi 2 kina 240,000 kwa mlalo, 1,536 kwa wima, 12,800 kwa mzunguko, na +3,840 kati ya wima na mzunguko.

Kuweka vitalu mahali pake

Chora mraba mkubwa wenye mistari tisa na safu tisa, kisha uugawe kwa wino mzito katika vitalu tisa vya tatu kwa tatu. Vitalu vinne vya nguzo vinakaa kwenye makutano ya nodi 1 na 2. Vitalu vinne vya boriti vinakaa kwenye makutano ya nodi 2 na 3. Kwenye makutano ya nodi 1 na 3 unaandika sifuri, kwa sababu hakuna kipande kinachoziunganisha moja kwa moja. Kitalu kimoja tu kinapokea wageni wawili: kile cha nodi 2 kwa nodi 2. Hapo unajumlisha.

Kujumlisha huko ndiko kiini cha njia yote, na sababu yake ni rahisi. Vipande vyote viwili vimechomelewa kwenye nodi 2, kwa hiyo nodi ikisogea vyote viwili vinasogea pamoja, na nguvu ya kuisogeza nodi ni nguvu ya kukisogeza cha kwanza na ya kukisogeza cha pili. Turner, Clough, Martin na Topp walipochapisha makala yao mwaka 1956 kuhusu miundo ya ndege, walikuwa na mabawa yenye vipande vingi, lakini walichofanya kwenye kila nodi ni hikihiki.

Mistari ya 4, 5 na 6, yaani ile ya nodi 2, inapaswa kusomeka hivi kwenye karatasi yako:

```
4:  −3000        0   6000 | 243000       0   6000 | −240000      0     0
5:      0  −300000      0 |      0  301536   3840 |       0  −1536  3840
6:  −6000        0   8000 |   6000    3840  28800 |       0  −3840  6400
```

Mistari ya nodi 1 na 3 jaza mwenyewe. Haina kujumlisha, ni kunakili tu vitalu.

Kabla ya kwenda mbele, simama hapa dakika tano uikague matriksi. Wengi hukagua ulinganifu tu, yaani namba ya mstari wa 4 safu ya 6 iwe sawa na ya mstari wa 6 safu ya 4. Ukaguzi huo ni dhaifu: ukikosea alama ya d pande zote mbili, ulinganifu unabaki na kosa linabaki. Uko ukaguzi mkali zaidi, nao hauli muda.

Fikiria fremu nzima, kabla haijakazwa popote, inasogezwa kama sanduku. Hakuna kipande kinachopindwa wala kuvutwa, kwa hiyo hakuna nguvu inayohitajika. Sogeza nodi zote mita moja kulia: kwenye kila mstari jumlisha namba za safu ya 1, 4 na 7. Mstari wa 4 unatoa −3,000 + 243,000 − 240,000, ambayo ni sifuri. Sogeza zote juu: mstari wa 5 unatoa −300,000 + 301,536 − 1,536, sifuri tena. Hadi hapo umeangalia a na b tu. Sasa izungushe fremu nzima kuzunguka nodi 1, kidogo tu, kwa kipimo kimoja. Nodi 2 iliyo mita 4 juu inasogea kushoto 4. Nodi 3, iliyo mita 5 kulia na 4 juu, inasogea kushoto 4 na kupanda 5. Nodi zote zinazunguka 1. Misogeo tisa, kwa mfuatano, ni 0, 0, 1, −4, 0, 1, −4, 5, 1. Zidisha mstari wa 6 kwa namba hizo:

```
8000·1 + 6000·(−4) + 28800·1 + (−3840)·5 + 6400·1 = 0
```

Elfu nane, toa ishirini na nne elfu, jumlisha ishirini na nane elfu mia nane, toa kumi na tisa elfu mia mbili, jumlisha sita elfu mia nne. Sifuri kamili. Lau ungekuwa umeandika −6,000 badala ya +6,000 kwenye nguzo, jumla ingekuwa 48,000, na ungejua papo hapo kwamba kosa liko kwenye d ya nguzo, kwani 48,000 ni mara mbili ya 24,000 iliyogeuka alama. Mimi matriksi isiyopita mtihani huu siitatui.

Mzigo uliotandazwa haukai kwenye nodi

Matriksi inajua nguvu za kwenye nodi peke yake, ilhali sakafu yetu imeitandia boriti nzima. Mbinu ni kuikaza boriti ncha zote mbili kwa muda, kuuliza ncha hizo zinabeba nini, halafu kuziachia. Boriti iliyokazwa pande zote, yenye mzigo w kwa mita, inainuliwa na kila ncha kwa wL/2, na inashikwa kwa momenti ya wL²/12. Kwetu hiyo ni 60 kN na 50 kN·m. Ncha ya kushoto inashikwa kinyume cha saa, kwa hiyo +50. Ncha ya kulia inashikwa kwa mwelekeo wa saa, −50. Nguvu za juu zote mbili ni +60.

Hayo ndiyo mambo ambayo kiungo kinaitendea boriti. Boriti nayo inakijibu kiungo kwa kinyume chake, kwa hiyo mzigo unaouandika kwenye nodi 2 ni sifuri kwa mlalo, −60 kwa wima, −50 kwa momenti. Ziandike zile za mwanzo, +60 na +50, pembeni mwa karatasi na uziwekee alama. Zitarudi.

Kufuta na kutatua

Nodi 1 na nodi 3 zimekazwa, hazisogei. Futa safu na mistari yao, yaani 1, 2, 3, 7, 8 na 9. Kinachobaki ni kitalu cha katikati, ambamo u ni msogeo wa mlalo wa nodi 2, v ni wa wima, na θ ni mzunguko wake:

```
243000 u             + 6000 θ =   0
           301536 v  + 3840 θ = −60
  6000 u +   3840 v + 28800 θ = −50
```

Milinganyo miwili ya kwanza ina θ moja kila mmoja, kwa hiyo usitafute kinyume cha matriksi. Kutoka wa kwanza, u ni −0.0246914 θ. Kutoka wa pili, v ni −0.000198981 − 0.0127348 θ. Viingize kwenye wa tatu. Kile 28,800 kinapungua kwa 148.15 na kwa 48.90, kinabaki 28,602.95. Upande wa kulia, −50 inakuwa −49.2359. Gawanya: θ ni −0.00172136 radiani. Rudi nyuma upate u ambayo ni 0.0000425 m, na v ambayo ni −0.000177 m.

Weka tarakimu sita humu ndani hata kama jibu utalitoa kwa tatu. Nguvu utazipata kwa kuzidisha misogeo hii midogo kwa malaki, na kosa dogo la kukata tarakimu linazidishwa nalo.

Zisome namba hizo kama fundi kabla ya kuzisoma kama mwanahesabu. Kiungo kimezunguka kwa mwelekeo wa saa, kama inavyotarajiwa kwa boriti inayolemewa upande wake wa kulia. Kimeshuka milimita 0.18. Kimesukumwa kulia milimita 0.04, kwa kuwa kichwa cha nguzo kinachozungushwa kwa saa kinataka kukimbilia kulia, na boriti ndiyo inayokizuia.

Milimita 0.18 ndiyo ya kumkamatia mwizi niliyemtaja. Nguzo ya mita 4 yenye EA ya 1,200,000 ikibeba takriban 60 kN inafupika 60 × 4 / 1,200,000, yaani milimita 0.2. Katika ofisi moja niliyowahi kufanyia kazi, kijana alileta karatasi za fremu inayofanana sana na hii, namba zimepangwa vizuri, ulinganifu upo, na kiungo kimeshuka milimita kumi na nne na ushee. Alikuwa amesahau kuigeuza nguzo. Kitalu chake alikiandika kama boriti iliyolala, kwa hiyo nodi 2 ikasimamishwa wima na 3,000 badala ya 300,000. Ukilifanya kosa hilo kwenye namba zetu utapata v ya −14.6 mm, na u itatoka sifuri kabisa, kwa kuwa hakuna tena kinachounganisha mlalo na mzunguko. Fremu yenye nguzo iliyosimama, inayotoa u sifuri tupu chini ya mzigo usio na ulinganifu, itilie shaka hata kabla hujajua kosa ni nini.

Kurudi kwenye vipande

Misogeo ikishapatikana, rudi kwenye vitalu vya kila kipande. Nguzo haina mzigo ubavuni, kwa hiyo ni kuzidisha tu. Momenti juu yake ni 6,000 u + 16,000 θ, ambayo inatoka −27.29 kN·m. Chini ni 6,000 u + 8,000 θ, yaani −13.52. Nguvu ya mlalo juu ni 3,000 u + 6,000 θ, ambayo ni −10.20 kN, na ya wima ni 300,000 v, yaani −53.12 kN.

Kwa boriti ndipo zile namba za pembeni zinarudi. Momenti ya kushoto ni 3,840 v + 12,800 θ + 50, inayotoka +27.29. Ya kulia, ukutani, ni 3,840 v + 6,400 θ − 50, yaani −61.70. Nguvu ya wima kushoto ni 53.12 na kulia ni 66.88.

Kiungo ndicho hakimu. Nguzo inasema −27.29, boriti inasema +27.29, na kwa kuwa hakuna momenti ya nje iliyowekwa hapo, jumla ni sifuri kama inavyotakiwa. Wima, 53.12 na 66.88 zinafanya 120, ambayo ni 24 mara mita 5. Ukisahau kuirudisha +50, boriti itasema −22.71, na kiungo kitakosa 50 kamili; upungufu unaolingana hasa na momenti ya ncha iliyokazwa haujawahi kuwa na sababu nyingine mezani kwangu.

Ukitaka shahidi wa nje, tumia ugawaji wa momenti wa Hardy Cross wa mwaka 1930. Nguzo ina 16,000 na boriti 12,800. Gawa ile 50 kwa uwiano huo. Nguzo inapata 27.78 juu na nusu yake, 13.89, chini. Ukutani, 50 inaongezeka 11.11 kuwa 61.11. Namba zetu ni 27.29, 13.52 na 61.70. Zinakaribiana, ila hazifanani, na hazipaswi kufanana. Cross, kwa namna hiyo ya kawaida, hahesabu kufupika kwa nguzo wala kwa boriti, sisi tumehesabu. Kiungo kinaposhuka ile 0.18 mm, mzigo kidogo unahamia ukutani. Zikifanana hadi tarakimu ya mwisho, ujue umeweka a kubwa mno mahali fulani.

Ukuta ukiachia

Sasa utaona kwa nini nilikutaka ujaze mraba mzima wa tisa kwa tisa, badala ya kurukia kitalu cha katikati. Tuseme mchomeleaji anakuambia kwamba ukutani hakukaza kila kitu: boriti imeingia kwenye kiota kinachoizuia kuzunguka na kushuka, lakini inaweza kuteleza mlalo. Msogeo wa 7 umekuwa huru. Chukua kifutio, rudisha mstari wa 7 na safu ya 7 ulizofuta, na uache 8 na 9 zikiwa zimefutwa.

Mstari wa 7 unasema −240,000 u + 240,000 u₃ = 0, yaani ncha ya ukutani inasogea sawasawa na kiungo. Ukiingiza hilo kwenye mstari wa 4, ile 240,000 inajifuta, na kinachobaki ni 3,000 u + 6,000 θ = 0. Kwa hiyo u ni −2θ. Kwenye mstari wa 6, kile 28,800 sasa kinapungua kwa 12,000 nzima na ile 48.90 ya zamani, kinabaki 16,751.10. θ inakuwa −0.0029393, na kiungo kinakimbia kulia milimita 5.9, mahali ambapo mwanzo kilisogea 0.04.

Momenti juu ya nguzo imeshuka kutoka 27.29 hadi 11.76. Chini imekuwa +11.76, imegeuka alama, na nguvu ya mlalo ndani ya nguzo ni sifuri, kwa kuwa hakuna tena wa kuisukuma. Ukutani momenti imepanda hadi 69.43. Boliti zilizopangwa kwa 61.70 zipimwe upya.